Naongea kwa bluetuthi, macho yako barabarani: kwa nini bado huoni

"Wakuu, mimi simu sishiki nikiendesha. Naongea kwa bluetuthi ya gari, mikono yote kwenye usukani, macho mbele. Bado mke wangu ananigombeza kila safari. Hatari iko wapi hapo?"

Mkuu, nimeendesha gari la abiria miaka 11, na kwa muda mrefu nilikuwa na msimamo huohuo wako. Nikueleze siku iliyonibadilisha.

Mchana, barabara imenyooka, mwendo kama kilomita 60 kwa saa. Kaka yangu akanipigia kuhusu mpaka wa shamba la familia, nami nikapokea kwa bluetuthi. Akaanza kunieleza mpaka unakopita: kutoka kwenye mti fulani, ushuke hadi kwenye mfereji, kisha ukate kushoto. Nikawa nalichora lile shamba kichwani. Mbele yangu kulikuwa na kivuko cha pundamilia, na kwenye njia ya pembeni gari jingine lilikuwa limesimama. Lile gari nililiona, mpaka leo nakumbuka rangi yake. Lakini halikuniambia kitu. Siku nyingine yoyote, gari kusimama kabla ya pundamilia kungenifanya niguse breki bila hata kufikiri, maana ni wazi kuna mtu anavuka. Abiria wa mbele akapiga kelele "Breki!" Nikasimama tairi za mbele zikiwa juu ya mistari, na mama mmoja na mtoto wake wako hatua mbili kutoka kwenye bampa.

Kwa mwendo ule gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu kuelewa unachokiona, umeshakula mita 17 kabla mguu haujagusa breki. Yule abiria ndiye aliyenirudishia ile sekunde.

Baadaye nilisoma tafiti za mwanasaikolojia David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, nikakuta kisa changu mle. Mwaka 2001, yeye na William Johnston waliwapa watu kazi inayofanana na kuendesha, huku wakitakiwa kufunga breki taa nyekundu inapowaka. Waliokuwa wanaongea na simu walizikosa taa karibu mara mbili zaidi, na waliokuwa hawajaishika simu hawakufanya vizuri kuliko walioishika. Kusikiliza redio hakukuwaharibia. Katika utafiti mwingine wa 2003 walifuatilia macho ya madereva, wakaona kwamba dereva anayeongea anaweza kuangalia bango moja kwa moja, na baadaye akiulizwa asilitambue. Kwa hiyo unaposema macho yako yako barabarani, nakuamini. Kinachokosekana ni akili ya kuyafanyia kazi yale macho yanayoleta, maana imekwenda shambani.

Utauliza, mbona kuongea na abiria hakuna shida kubwa? Kwa sababu abiria anaiona barabara. Ukikaribia makutano yenye vurugu ananyamaza mwenyewe, au anakuonyesha mtu anayevuka. Aliye kwenye simu hajui kama umefika kwenye kona. Ukinyamaza anasema "Haloo? Uko hapo?" na wewe unajiona una deni la kumjibu. Hilo deni ndilo linalovuta akili.

Niseme ukweli wote: kuandika ujumbe au kutafuta namba ni hatari zaidi, maana hapo macho yenyewe yameondoka. Na simu hazilingani. "Nimefika, njoo getini" ni tofauti na ugomvi, hesabu za pesa, au mtu anayekuelekeza mahali. Zile zinazokufanya uchore picha kichwani ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu unatumia jicho la ndani wakati unalihitaji la nje.

Utajuaje imekupata? Ukikata simu, jiulize taa ya mwisho uliyopita ilikuwa ya rangi gani, na mara ya mwisho kuangalia kioo cha pembeni ilikuwa lini. Mimi nilikuwa nagundua pia mwendo umeshuka bila mimi kujua na walio nyuma wanapiga honi. Tena usidhani ukikata tu umerudi. Mwaka 2015 timu ya Strayer iliona kwamba baada ya dereva kutoa amri za sauti kwenye baadhi ya mifumo ya magari, athari iliweza kubaki hadi sekunde 27. Kwa kilomita 40 kwa saa, hizo ni mita 300.

Siku hizi kabla sijawasha injini naweka simu isilie, na ujumbe unaojijibu wenyewe: "Naendesha, nitakupigia nikisimama." Mke wako akiwa kando, mpe simu apokee yeye. Ikikubidi kupokea mwenyewe, sema hayo maneno matatu na ukate, mwenye haraka atasubiri utafute pa kuegesha. Habari ya mpaka wa shamba nilimalizana na kaka jioni ile, gari limezimwa, na nilimwomba aanze upya kwa sababu hata yeye nilikuwa sikumsikia vizuri.