Ada, mtihani au jalada: kila cheti kina namna yake ya kuhuishwa

Mimi ni muuguzi niliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, na kazi hii hunidai aina zote tatu za kuhuisha vyeti: kulipa ada, kufanya mtihani, na kukusanya jalada la ushahidi wa kazi na tafakuri. Wenzangu wengi huziandalia zote kwa mtindo mmoja: wanasubiri tarehe ikaribie, kisha wanakimbizana. Kwa ada mtindo huo unaweza kufaa, na kwa mtihani utasumbuka lakini utavuka. Kwa jalada la tafakuri, ukisubiri umechelewa.

Ada hulipwa kila mwaka, na haipimi chochote kuhusu uuguzi wako. Lakini isipolipwa jina hutoka kwenye rejista, na huruhusiwi kufanya kazi ya muuguzi hadi urejeshwe. Weka makato ya moja kwa moja benki, na kila ukibadilisha akaunti au barua pepe, wajulishe siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo hakuna la kujiandaa.

Mtihani ni habari nyingine. Cheti cha huduma ya juu ya kuokoa moyo cha Chama cha Moyo cha Marekani hudumu miaka 2. Unaporudi, kuna maswali ya kuandika ambayo lazima upate angalau asilimia 84, halafu unaongoza timu mbele ya mdoli asiye na mapigo ya moyo. Hapo hakuna anayeuliza umefanya kazi miaka mingapi. Wanaangalia kama kifua kinabonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kama unakumbuka adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Wiki chache za kujisomea na kufanya mazoezi ya mikono zinatosha, kwa sababu kinachopimwa ni unachokiweza siku ile.

Jalada linapima miaka iliyopita, na ndiyo maana haliwezi kukaririwa. Kila baada ya miaka 3, NMC inataka saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza ambazo 20 kati yake umeshirikiana na watu wengine, maoni 5 kuhusu kazi yako na maandiko 5 ya tafakuri. Saa unaweza kuzikusanya kutoka kwenye ratiba za zamu na vyeti vya mafunzo. Maoni ya mgonjwa aliyekwambia jambo pembeni ya kitanda miaka miwili iliyopita utayapata wapi kama hukuyaandika?

Kwenye tafakuri ndipo watu hukwama hasa. Fomu inauliza mambo manne: nini kilitokea, ulijifunza nini, ulibadilisha nini katika kazi, na linahusianaje na Kanuni za taaluma. Andiko dhaifu husema: "Nilihudhuria mafunzo ya usalama wa dawa, nikajifunza umuhimu wa kuwa makini." Ukilisoma mara mbili, huoni kilichobadilika.

Linganisha na hili. Mgonjwa mmoja aliniambia hapati usingizi, anaamka kwenda chooni usiku kucha na anaogopa kuanguka. Nilipofungua chati yake ya dawa, nikaona dozi ya pili ya dawa ya kupunguza maji mwilini imepangwa saa kumi na mbili jioni. Nilimwomba daktari aisogeze hadi saa nane mchana, akakubali. Tangu hapo, tunapokabidhiana zamu huwa naangalia saa za dawa hiyo kwa kila anayeitumia. Hapo pana maoni ya mgonjwa, somo, badiliko linaloonekana, na kifungu cha Kanuni kinachohusu kulinda usalama. Na tukio lenyewe ni dogo kabisa. Huhitaji kusubiri ajali.

Niliandika mistari michache zamu ileile kabla sijasahau, bila jina, wodi, namba ya kitanda wala tarehe. Hilo la mwisho lishike sana: jalada lenye kitu cha kumtambulisha mgonjwa ni uvunjaji wa siri, hata kama tafakuri yenyewe ni nzuri.

Hakuna anayekupa alama kwa maandiko haya. Unayajadili na muuguzi mwingine, mkunga au mshiriki wa uuguzi aliyesajiliwa na NMC, kisha mthibitishaji, kwa kawaida meneja wako, anathibitisha kuwa umetimiza masharti. Maombi yenyewe hujazwa mtandaoni, na dirisha hufunguka siku 60 kabla ya tarehe ya mwisho. Kinachokula siku hizo ni kutafuta nafasi ya watu wawili wenye zamu zisizokutana. Kama meneja wako naye amesajiliwa na NMC, mwombe afanye mazungumzo na uthibitisho katika kikao kimoja, na mpangie tarehe kabla dirisha halijafunguka.