Sukari ya sorbeti hupimwa kwa mizani, si kwa ulimi

Wengi wanaoanza kazi katika jiko la vitindamlo huja na mazoea ya kutia sukari huku wakionja, na mazoea hayo yanafaa kwa juisi ya glasi lakini hayafai kwa sorbeti, yaani kitindamlo laini cha tunda, maji na sukari kilichogandishwa. Katika sorbeti sukari ina kazi mbili: kutia utamu, na kuyazuia maji yasigande yote. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama kijiko kitazama bila taabu au kitagonga jiwe. Kwa hiyo kiasi cha sukari huamuliwa kwanza kwa ajili ya ulaini, na ladha hurekebishwa baadaye kwa ndimu na chembe ya chumvi. Anayeanzia kwenye ladha hukosea pande zote mbili: akipata embe tamu sana hupunguza sukari na kupata barafu ngumu, na akipata pasheni kali huongeza sukari hadi mchanganyiko ukatae kuganda.

Inafaa kuelewa kinachotokea ndani ya friza. Maji matupu huganda kwenye sifuri, lakini mchanganyiko wenye sukari asilimia 28 huanza kuganda kwenye digrii 2 hivi chini ya sifuri. Kinachoganda hapo ni maji peke yake. Sukari hubaki katika shira ambayo haijaganda, na kila chembe mpya ya barafu inapojitenga, shira iliyobaki huwa nzito zaidi na kuhitaji baridi kali zaidi ili iendelee kutoa barafu. Ikifika digrii 14 chini ya sifuri, shira hiyo huwa na sukari takriban asilimia 62. Ukijua hilo unaweza kukadiria ugumu kwa kalamu: kilo moja ya mchanganyiko yenye sukari gramu 280 itakuwa na shira ya gramu 450 hivi, na gramu 550 zitakuwa barafu. Kilo hiyo hiyo ikiwa na sukari gramu 150 tu, shira itakuwa gramu 240 na barafu gramu 760. Tofauti ya ugumu kati ya sorbeti na tofali la barafu iko katika hesabu hiyo fupi.

Kwa sorbeti itakayohifadhiwa kwenye friza ya kawaida, lenga jumla ya sukari kati ya asilimia 26 na 30, na mimi huanza na 28. Neno la kushikilia hapa ni jumla, kwa sababu tunda lina sukari yake. Njia ya uhakika ya kuijua ni refraktomita, yaani kile kifaa kidogo cha kuchungulia ambacho huwekewa tone moja la juisi na kuonyesha kipimo cha Briksi, ambacho kwa kazi yetu unaweza kukichukua kama asilimia ya sukari. Chuja rojo kwanza, kwani nyuzinyuzi za embe huufifisha mstari wa kusoma, na subiri tone lipoe. Kumbuka pia kwamba kifaa hakitofautishi sukari na asidi: juisi ya ndimu husoma karibu 8, ilhali sukari yake halisi ni kidogo sana.

Tuchukue embe bivu lililosagwa, gramu 600, na kifaa kimesoma 15. Rojo hilo lina sukari gramu 90. Tunataka kilo moja ya mchanganyiko wenye asilimia 28, yaani sukari gramu 280, hivyo tunahitaji kuongeza gramu 190. Juisi ya ndimu tutatia gramu 30, na nafasi iliyobaki, gramu 180, ni maji. Chemsha maji na sukari hadi iyeyuke kabisa, acha shira ipoe, kisha changanya na embe na ndimu. Mchanganyiko ukionjwa ukiwa haujapoa vizuri utaonekana mtamu kupita kiasi, na ndivyo unavyopaswa kuwa, kwa sababu baridi hupunguza utamu unaosikika mdomoni.

Embe la wiki ijayo halitasoma 15. Linaweza kusoma 12 au 18, na mpishi anayefuata karatasi ya vipimo bila kupima tunda hushangaa kwa nini sorbeti ya jana haifanani na ya leo. Pima tena baada ya kuchanganya. Ukikuta 24 badala ya 28 katika kilo moja, usiongeze gramu 40, maana sukari unayoitia huongeza pia uzito wa mchanganyiko. Kiasi sahihi ni gramu 56 hivi. Ukikuta 33, una sukari gramu 330: zigawe kwa 0.28 upate uzito unaotakiwa, gramu 1,179 hivi, kisha ongeza gramu 179 za maji, au bora zaidi rojo la tunda lisilo tamu, huku ukipima tena.

Asiye na refraktomita hutumia yai bichi, lililooshwa na kufutwa, likiwekwa ndani ya mchanganyiko: sehemu ya ganda inayojitokeza juu ikiwa na upana wa sarafu, uko karibu na kiasi kinachofaa. Sharti yai liwe jipya kabisa, kwani yai la zamani huelea hata kwenye shira nyepesi na kukudanganya. Katika rojo zito la embe jaribio hili halina maana. Litumie kwa juisi nyepesi kama ya ndimu au ya tikiti.

Kama sorbeti inatoka ngumu kidogo nawe hutaki kuizidishia utamu, badilisha sehemu ya sukari kwa glukosi ya unga. Gramu moja ya glukosi huzuia kuganda karibu mara mbili ya gramu moja ya sukari ya kawaida, na utamu wake ni mdogo zaidi. Katika kilo yetu ya embe, gramu 40 kati ya zile 190 zinatosha. Ukizidisha sana, sorbeti haitasimama kwenye bakuli.

Kabla ya kulaumu sukari, hata hivyo, tazama dalili. Sorbeti iliyokosa sukari ni ngumu kote na hupasuka vipande inapochotwa. Iliyozidi sukari hubaki tope, na baada ya siku chache shira hutuama chini ya chombo. Ile inayochotwa vizuri lakini ina chembe kubwa za barafu ina sukari ya kutosha. Kosa ni kuganda polepole, mara nyingi kwa sababu mchanganyiko uliingia kwenye mashine ukiwa na joto. Upoze kwanza kwenye jokofu hadi digrii 4.

Granita, ambayo Wasisilia huila asubuhi pamoja na mkate laini wa briosh, hufuata sababu hiyo hiyo kwa lengo tofauti. Hapa tunataka chenga za barafu, hivyo sukari hushuka hadi asilimia 15 au 18. Kwa granita ya ndimu, maji gramu 500, juisi gramu 150 na sukari gramu 130 hutoa karibu asilimia 17. Mimina kwenye sinia pana, weka kwenye friza, na kila nusu saa kwangua kwa uma kuanzia kingoni, ambako barafu huanza. Chini ya asilimia 10 uma hautaingia, na juu ya 25 utapata uji baridi usio na chenga. Granita haivumilii kukaa: ikiachwa usiku kucha hushikana kuwa bamba, na dawa yake ni kuiacha nje dakika kumi hivi kisha kuikwangua upya.