Nilitoa jina la mume kwenye kitambulisho, na mshahara ukakwama siku 9

Kama uko Kenya na unataka kuongeza jina la mume ama kulitoa, shida si fomu, shida ni nini kinatangulia nini. Mimi nilipotoa langu nilianzia pahali pabaya. Nilikimbia kwa mtu wa mishahara kazini nikamwambia kuanzia sasa niandike na jina la babangu, naye bila maneno mengi akabadilisha. Mwisho wa mwezi benki ikaona pesa imetumwa kwa jina ambalo kwenye akaunti halipo, ikairudisha. Siku 9 nikiwa nakopa nauli na landilodi anapiga simu.

Basi anza na karatasi ya korti. Kama umeachana, ile dikri ya kwanza wanaita naisai bado si talaka kamili, unangoja ya mwisho, ile absolyuti, na ndiyo unabeba. Waislamu mnabeba ya korti ya Kadhi. Ukiichukua omba kopi kadhaa zilizopigwa muhuri na korti, mimi niliomba moja nikarudi tena kwa sababu benki hawakutaka fotokopi yangu ya saiba. Kama unarudi kwa jina ulilokuwa nalo kabla ya ndoa, dikri na cheti cha kuzaliwa ndizo karatasi zako. Lakini ukitaka jina jipya kabisa, ambalo halijawahi kuwa lako, hapo ni hati ya kubadili jina, ile didi poli, wakili anaiandika, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati na inachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Usiingie gharama hiyo kama huihitaji.

Na walioolewa juzi, njia ni hiihii, tofauti ni kwamba unabeba cheti cha ndoa badala ya dikri. Halafu hakuna sheria inakulazimisha kuchukua jina la bwana, shangazi zangu walinificha hiyo.

Karatasi zikiwa tayari enda Huduma Senta ama ofisi ya usajili wa watu ukabadilishe kitambulisho. Sasa hapa sikiza vizuri: kabla hujatoka nyumbani piga picha kitambulisho cha zamani, mbele na nyuma, na utoe fotokopi, kwa sababu utakiacha pale na wewe utoke na ile karatasi ya kungojea. Benki baadaye itataka kuona kwamba huyu wa jana na huyu wa leo ni mtu mmoja. Kikitoka kipya angalia namba ya kitambulisho, inafaa iwe ileile ya zamani, jina ndilo limebadilika peke yake. Soma na herufi moja moja hapo hapo kaunta, maana kosa la herufi moja litakufuata kila pahali unapoenda.

Ya pili ni KRA. PIN haibadiliki na usijaribu kuomba nyingine. Ingia iTax, kwa `Registration` chagua `Amend PIN Details`, weka jina jipya na karatasi zako. Ukiona inakataa ama bado inakuletea jina la zamani, mara nyingi ni kwamba daftari la vitambulisho halijapata jina lako jipya, kwa hivyo kujaza mara kumi haisaidii, ngoja siku kadhaa ujaribu tena, ikizidi beba karatasi uende ofisi yao. Ikikubali, printi cheti kipya cha PIN. Ritani zako za nyuma zinabaki sawa, zinafuata PIN.

Sasa ndiyo benki: kitambulisho kipya, cheti kipya cha PIN, dikri, na ile kopi ya kitambulisho cha zamani. Kama sahihi yako ilikuwa na jina la mume ndani, weka sahihi mpya siku hiyo hiyo. Waulize pia kuhusu kadi na mikopo, mimi akaunti ilibadilika na kadi ikabaki na jina la zamani mpaka nilipouliza.

Kazini unaenda mwisho, na usiende kabla hujaona jina jipya kwenye stetimenti ya benki. Mimi ilibidi mtu wa mishahara arudishe jina la zamani ndiyo pesa itumwe upya, halafu nikaanza safari yote kutoka mwanzo.

Laini ya simu usisahau, inabadilishwa dukani kwa kampuni yako ukiwa na kitambulisho. Mimi niliisahau miezi miwili, nikilipa mboga M-Pesa jina la yule bwana linatokea kwa simu ya mama mboga, naye ananiuliza, "Mlirudiana?"