Mshale wa msuguano kwenye mteremko, mara unapanda mara unashuka

"Shikamooni wakuu. Kwenye swali moja boksi liko juu ya mteremko wa nyuzi 30 na mshale wa msuguano umechorwa kupanda. Swali linalofuata boksi ni lilelile na mteremko ni uleule ila mshale wamegeuza unashuka. Wamekosea wapi? Na kwanini nikiweka f = μN jibu langu halifanani na la nyuma ya kitabu?"

Marahaba mdogo wangu. Hapo huenda hawajakosea popote, michoro yote miwili inaweza kuwa sawa. Hili jambo lilinisumbua sana nikiwa kidato cha tano, nikaja kulielewa vizuri nilipoanza kufundisha tuisheni, siku niliyoacha kuchora ubaoni nikabeba vitu vyenyewe. Nilichukua ubao mrefu nikauegemeza kwa nyuzi 30, nikatafuta kipande cha mti cha kilo 1, nikakibandika msasa kwa chini ili kisiteleze ovyo, afu mbele nikapigilia msumari nikafunga uzi wenye mizani ya springi, ile yenye ndoano. Nakupa namba za hicho hicho kipande, tukitumia g ya 10.

Uzito wake ni nyutoni 10 na mshale wake unashuka wima kabisa kuelekea ardhini, haufuati ubao. Mshale wa pili ni N, yaani ule wa ubao kukisukuma kipande, ambao unatoka kwenye ubao kwa pembe mraba, na hapa wengi wanakosea wanauchora wima kwenda juu kama vile kipande kiko mezani. Ukiuchora sawasawa utaona umelala kidogo, na pia ni mfupi kuliko mshale wa uzito, kwasababu ubao unabeba sehemu tu ya uzito, yaani mg cos θ ambayo hapa ni kama nyutoni 8.7. Sehemu iliyobaki, mg sin θ, ni nyutoni 5 na ndiyo inayokivuta kipande kishuke. Ukisahau wapi ni sin wapi ni cos, ulaze ubao chini kichwani mwako: pembe inakuwa 0, ubao unabeba uzito wote, na kwenye 0 ni cos ndiyo inayobaki 1, kwahiyo ya ubao ni cos. Angalizo moja, hizo mg sin θ na mg cos θ ni uzito uleule uliogawanywa, sio nguvu mpya, kwahiyo zichore kwa nukta nukta. Ukizichora kama mishale kamili pembeni ya mg utakuwa umehesabu uzito mara mbili na hesabu yote itaharibika.

Sasa twende kwenye msuguano. Kipande kimetulia kwenye ubao, mizani inasoma 0. Kuna nyutoni 5 zinakivuta chini na hakiendi, maana yake msuguano ni nyutoni 5 kupanda. Huo ndio mchoro wako wa kwanza. Nikavuta uzi kupandisha juu polepole mpaka mizani ikasoma 2, kipande kimetulia vilevile. Msuguano sasa ni ngapi? Mimi nimesaidia 2, kwahiyo umebaki 3, bado unapanda. Nikafika 5, hapo mkono wangu peke yake unatosha kukishikilia na msuguano ni 0, kwenye mchoro mshale wake haupo kabisa. Nikaendelea mpaka 8, na kipande bado hakijasogea hata kidogo! Mimi navuta 8 kupanda, uzito unavuta 5 kushuka, zimezidi 3 kupanda, kwahiyo msuguano ni 3 na umegeuka unashuka. Wanafunzi walikuwa wameinama wanaangalia kipande ambacho hakijatikisika huku mshale wake umeshapungua, umepotea, umerudi upande wa pili. Mchoro wako wa pili ni huo, na naamini ukisoma swali vizuri utakuta kuna kamba inavuta au mtu anasukuma kupandisha.

Kwahiyo usiulize boksi liko wapi, uliza hivi: msuguano ukiondolewa sasa hivi, boksi litatelezea upande gani? Mshale unachorwa kinyume na huo upande.

Turudi kwenye f = μN yako. Kwa ule msasa μ ya kutulia, yaani namba inayoonyesha ukali wa msuguano kitu kikiwa hakijasogea, ilikuwa kama 0.7, ukizidisha na 8.7 unapata karibu nyutoni 6. Sasa chukua hiyo 6 uichore ikipanda kwenye kipande kilichotulia bila uzi: juu 6, chini 5, inabaki 1 kupanda, yaani kipande kianze kupanda ubao chenyewe! Haiwezekani. Hiyo 6 ni kikomo, ndiyo kubwa kabisa ambayo msuguano unaweza kufika kabla haujashindwa, na kabla ya hapo msuguano unatoa kile tu kinachohitajika. Mimi kosa hili liliniondolea maksi nyingi kwenye mtihani wa muhula na mwalimu aliweka mkasi tu bila maelezo, ndio maana nalielezea kwa urefu. Kwa boksi lililotulia anza na kusawazisha nguvu kwenye mstari wa ubao, upate f inayohitajika, halafu ndio uilinganishe na μN. Ikiwa ndogo au sawa, boksi limetulia na jibu ni hiyo f. Ikizidi, boksi linateleza, na hapo sasa unatumia μ ya kuteleza ambayo kwa kawaida ni ndogo kidogo.

Kikomo tulikiona kwa macho pande zote mbili. Kwa kuvuta, kipande kilichomoka mizani ilipokaribia 11, yaani 5 ya uzito na 6 ya msuguano. Kwa upande mwingine nilitoa uzi nikawa nainua ncha ya ubao taratibu, kikaanza kushuka kwenye nyuzi kama 35, na tan ya 35 ni 0.7, ileile μ. Hii njia ni rahisi kupima μ ya kitu chochote, kilo hazihitajiki maana mg inajikata pande zote.

Kama swali lako linasema boksi limerushwa kupanda mteremko, hakuna kamba, pia mshale unashuka, ila sababu ni tofauti, linateleza kwenda juu na msuguano unapinga huko kuteleza. Tuseme μ ya kuteleza ni 0.5, msuguano ni kama 4.3, ukijumlisha na 5 ya uzito zote zinashuka, jumla 9.3, kipande kinapunguza mwendo haraka sana. Kikisimama tu kule juu mshale unageuka unapanda na unakuwa 5, na kwa kuwa 5 haijafika 6, kinabaki hapohapo. Kwahiyo kwenye swali la namna hii angalia mchoro umechorwa kwa muda gani, kikiwa kinapanda au kikishasimama.

Weka hapa maneno ya swali la pili kama yalivyoandikwa, hasa kama limesema linavutwa au limerushwa, tulipige pamoja.