Swali linaloulizwa kwa mdomo: namna ninavyoandika vichwa na majibu mafupi

Kwa miaka kadhaa ukurasa wangu wa chanjo za kuku ulikuwa na kichwa kisemacho «Ratiba ya Chanjo ya Kideri kwa Kuku wa Kienyeji», nami niliridhika nacho. Kisha siku moja, nikiwa katika duka la pembejeo mjini Morogoro, nilimwona mama mmoja akiisogeza simu mdomoni na kuiuliza, «Kuku nimeshawachanja kideri, nitarudia tena baada ya muda gani?» Hakutaja ratiba hata mara moja. Ratiba ni neno langu mimi mwandishi. Yeye alikuwa na chupa ya dawa, kuku nyumbani, na jambo moja la kujua.

Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo simu hutambua kwa sauti mwaka 2017, na tangu hapo maswali ya namna hiyo yamekuwa yakifika kwenye kurasa zetu, ingawa si rahisi kuyaona. Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti maswali yaliyowaleta wasomaji, haitenganishi yaliyosemwa na yaliyoandikwa, kwa hiyo inabidi uyakisie kwa umbo lake: ni marefu, yana «nifanyeje» na «wangu», na mara nyingine yana «eti» au «hivi» ambazo hakuna mtu angejisumbua kuziandika kwa kidole. Mimi hufungua Performance, nikaongeza kichujio cha Query, nikachagua Custom (regex) na kuweka mstari huu:

```
\b(lini|wapi|gani|nini|ngapi|vipi)\b|je\b
```

Kipande cha mwisho hunasa vitenzi vinavyoishia na kiulizi, kama «nifanyeje» na «inachanganywaje», ambavyo ndivyo vilivyojaa katika usemi wetu. Hata hivyo usiitegemee orodha hiyo peke yake. Google huficha maswali yaliyoulizwa na watu wachache mno, na swali la mdomo, kwa kuwa kila mtu hulisema kwa namna yake, mara nyingi huangukia kundi hilo. Ndiyo maana nina daftari ambamo huandika maswali neno kwa neno jinsi wafugaji wanavyoniuliza dukani na kwa simu, bila kuyasahihisha.

Daftari hilo ndilo lililonionyesha kosa la vichwa vyangu vya kwanza vya maswali. Niliandika «Je, ni lini kuku wanapaswa kuchanjwa?», sentensi ambayo haina kosa la sarufi lakini hakuna mfugaji aliyewahi kuniambia hivyo. Katika mazungumzo «je» ya mwanzo husikika mara chache, na kiulizi hukaa mwishoni: wanachanjwa lini, inauzwa wapi, wanakula kiasi gani. Mpangilio huu una faida nyingine kwa mwandishi, kwa sababu jambo lenyewe linatangulia na kichwa kikikatwa kwenye kioo chembamba cha simu, kinachopotea ni mkia wake. «Chanjo ya kideri kwa kuku inarudiwa baada ya muda gani?» ikikatwa katikati bado inamwambia msomaji yuko mahali sahihi.

Jina la ugonjwa nalo lilinipa kazi. Wengine husema kideri, wengine mdondo, na waliosomea mifugo husema Newcastle. Nilichagua kideri kwa kichwa kwa kuwa ndilo lililojaa daftarini, na mdondo nikaliweka ndani ya jibu. Katika ripoti nilikuta pia «chanjo ya kidari», ambalo bila shaka ni sikio la simu lililokosea, maana hakuna anayechanja kidari. Kosa la namna hiyo usilinakili kwenye ukurasa. Maneno mengine ya swali yanatosha kuufikisha.

Baada ya kichwa huja jibu, na hapa ndipo Kiswahili kinapomtega mwandishi. Jibu langu la kwanza lilisomeka hivi: «Hurudiwa kila baada ya miezi 3, tone moja jichoni.» Aliye mbele ya ukurasa anaelewa, kwa kuwa kichwa kiko juu yake. Lakini simu ikiichukua sentensi hiyo pekee na kuisoma kwa sauti, nini kinachorudiwa? Lugha yetu inaruhusu kiima kujificha ndani ya kitenzi, na tumezoea mno uhuru huo hata hatuoni kwamba jibu limebaki bila mwenyewe. Sasa nalitaja jambo kwa jina lake kamili, hata kama limetajwa mstari mmoja juu:

```
<h1>Chanjo ya kideri kwa kuku inarudiwa baada ya muda gani?</h1>
<p>Chanjo ya kideri (mdondo) aina ya I-2 hurudiwa kila baada
ya miezi mitatu. Kila kuku mzima hupewa tone moja katika jicho
moja. Chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuugua.</p>
```

Neno «mzima» hapo linamaanisha asiyeumwa, lakini msomaji mmoja alidhani ni mkubwa na akawaacha vifaranga, kwa hiyo baadaye nililibadilisha kuwa «asiye mgonjwa, hata kifaranga». Sentensi tatu zinanitosha. Sentensi ya kwanza hujibu kilichoulizwa, ya pili hueleza namna, na ya tatu huweka mpaka wa jibu, kwa sababu anayeuliza kuhusu chanjo mara nyingi tayari ana kuku wanaosinzia bandani. Ratiba nzima na maelezo ya kuhifadhi dawa kwenye ubaridi yanafuata chini yake.

Kabla ya kuchapisha, humsomea jibu hilo mtu aliyenipa kisogo. Njia hii imenifumbua macho kuhusu vifupisho kama «k.m.» na «n.k.», na kuhusu «wiki 2-3», ambayo sasa naiandika «wiki mbili hadi tatu». Saa ndizo hatari zaidi. Niliwahi kuandika kwamba kuku wachanjwe 08:00, na msomaji akaisoma «saa nane», ambayo kwa Mswahili ni mchana wa jua kali. Andika «saa mbili asubuhi».

Yapo maswali yasiyokubali jibu la namna hii. «Kuku wangu wanahara kijani nifanyeje» ni swali ninalolipata mara kwa mara, na ningeweza kulijibu kwa sentensi moja nikamdanganya mtu, maana kuhara kijani huonekana katika kideri na pia katika homa ya matumbo ya kuku. Hapo sentensi ya kwanza inasema wazi kwamba dalili hiyo ina sababu zaidi ya moja, na ya pili inataja la kufanya kwa vyovyote vile: kuwatenga wanaoumwa na kumwita mtaalamu wa mifugo kabla ya kununua dawa yoyote.

Nilipoona kurasa hizo zinafanya vizuri, nilishikwa na tamaa nikageuza vichwa vyangu vyote kuwa maswali, hata kile cha ujenzi wa banda. «Banda la kuku linajengwaje?» lilivutia watu, lakini hakuna sentensi tatu zinazoweza kujenga banda, na wanaotafuta habari hizo huketi wakasoma michoro na vipimo taratibu. Ukurasa huo nimeurudishia kichwa chake cha zamani, «Vipimo na Ramani ya Banda la Kuku 100».