Kujitoa kwenye kioo cha duka: usifute, rudisha ukungu

"Wakuu, nimepiga picha ya mtaani, dirisha la duka limetoka vizuri ila na mimi nimetokea katikati ya kioo na kamera usoni. Nimejaribu kujifuta na Clone Stamp ya Photoshop pamebaki madoa matupu. Najitoaje?"

Mkuu, hayo madoa yamenitesa sana mpaka siku nilipoacha kufuta nikaiangalia picha vizuri. Mchana kioo cha duka kinapitisha vitu vya ndani na hapohapo kinarudisha mwanga wa mtaa ulio nyuma yako, anga na majengo, ndo maana vitu vya ndani vinaonekana vimepauka kama vina ukungu. Ukisimama mbele yake mwili wako unaziba ule mwanga, kwa hiyo hiyo sura yako sehemu kubwa ni tundu tu kwenye ukungu. Zoom uone, ndani ya umbo lako vitu vya dukani vinaonekana vizuri kuliko pembeni. Ukipitisha Clone Stamp hapo unaharibu sehemu safi kuliko zote, wakati kinachotakiwa ni kurudisha ukungu uliokosekana.

Kuna picha yangu moja, sanamu limevalishwa koti jeusi, bega lake nusu limeangukia ndani ya umbo langu na nusu nje. Kitu cheusi kama hicho ni bahati, kitafute na kwako. Niliweka kishale kwenye koti nje ya umbo nikasoma namba za rangi, nyekundu, kijani na bluu: 70, 78, 92. Koti hilohilo ndani ya umbo: 22, 22, 24. Tofauti ni 48, 56, 68, na unaona bluu ndo imezidi kwa sababu ukungu wenyewe ni anga. Nikafungua leya mpya, modi nikaweka Screen, nikapaka rangi 53, 61, 75 juu ya umbo langu. Nimezidisha kidogo kuliko tofauti kwa sababu Screen inaongeza mwanga kwa kujizuia, na ndo uzuri wake, sehemu zilizokwisha kuwa nyeupe haziungui. Bega likaungana palepale, mshono wa koti haujaguswa hata kidogo.

Ukingo ndo unaotaka uvumilivu. Nilisimama kama mita 2 kutoka kwenye kioo, kwa lenzi sura yangu ni kama iko mita 4, wakati koti liko mita 2 na nusu na fokasi iko hapo, kwa hiyo ukingo wangu umetoka laini. Pima upana wa huo ulaini kwa pikseli, wangu ulikuwa kama 12, halafu lainisha maski ya ile leya kwa kiasi hichohicho. Maski ikiwa kali kuliko ukingo utabaki na mstari mweusi au mweupe unaokuzunguka mwili mzima, na ukiuona huo ujue rangi haina kosa, kosa ni maski.

Usipake rangi moja kutoka kichwani mpaka miguuni. Nyuma yangu paa la jengo lilikatiza usawa wa kifua, juu yake anga, chini ukuta wenye giza, ikabidi juu nipake ukungu wa anga na chini mdogo sana, na ule mstari wa paa niupitishe pale nilipokuwa nimesimama. Miguu sikuigusa, ukuta ulikuwa na giza kama suruali yangu.

Uso na mikono ni kinyume, ngozi iliyopigwa na mwanga inaongeza mwanga wake wenyewe, tena wenye wekundu. Hapo punguza ile leya kwa kupaka maski kijivu, halafu kwa Curves shusha nyekundu kidogo mpaka ifanane na pembeni. Mng'ao wa lenzi na kamba ya kamera ndo vitu viwili pekee nilivyotumia Clone Stamp, brashi ndogo kabisa.

Kukagua, weka Curves ya muda juu ya zote uivute iwe kali kupita kiasi, umbo lako likiwa bado lipo litajitokeza. Angalia na chengachenga za picha pia, pale ulipotumia Clone Stamp pakiwa laini sana ongeza noizi kidogo ifanane na jirani.

Watu watakwambia ununue filta ya polaraiza. Inasaidia kwa mwanga unaogonga kioo kwa pembeni, kama nyuzi 56 hivi kutoka kwenye mstari unaokikabili kioo moja kwa moja. Wewe unajiona pale tu unapokitazama kioo moja kwa moja, na hapo filta haifanyi kitu. Kusogea kando ukakipiga kioo kwa mshazari ndo kungekutoa kwenye fremu.

Na kama picha ni ya habari au unaipeleka World Press Photo usijitoe, kuondoa kitu kilichokuwepo hawaruhusu. Vilevile kama ulivaa shati jeupe likapigwa na jua mpaka namba zinasoma 255 zote, chini yake hakuna kitu cha kurudisha, hapo utachora tu kwa kukisia.