Bei ya dola ya siku 90 inavyotoka kwenye riba mbili

*Naagiza vipuri vya magari kutoka Dubai na nina ankara ya dola 50,000 ya kulipa baada ya siku 90. Leo benki inaniuzia dola kwa shilingi 129.50. Nilipoomba tufunge bei sasa nilipe siku hiyo, wakasema 131.60. Ina maana wanajua shilingi itashuka? Riba za soko nilizoelezwa ni asilimia 9 kwa shilingi na 4.2 kwa dola. Nitajuaje kama bei yao ni ya haki? – Mwagizaji, Nairobi*

Hapana, hakuna utabiri ndani ya 131.60. Bei hiyo, ambayo madawati ya fedha huiita fowadi, hutokana na gharama. Ukitazama kile ambacho benki inafanya mara tu unapotia sahihi, hesabu yote itajieleza.

Benki imekuahidi dola 50,000 siku ya 90. Haitaki kukaa siku zote hizo ikiomba dola isipande, kwa hiyo inazinunua leo. Haihitaji kununua zote 50,000, maana dola zikiwekwa kwa asilimia 4.2 zitazaa. Kwa siku 90 kila dola moja inakuwa 1.0105, hivyo zinatosha dola 49,480.46 sasa hivi. Kwa bei ya 129.50, hizo ni shilingi 6,407,719. Shilingi hizo benki inazikopa kwa asilimia 9, na siku ya 90 deni limefika shilingi 6,549,918. Gawanya kwa dola 50,000 utakazopokea: shilingi 131.00 kwa kila dola.

Ukiiandika kwa mstari mmoja, F ikiwa fowadi, S bei ya leo, rKES riba ya shilingi na rUSD riba ya dola, inakuwa hivi:

```
F = S × (1 + rKES × siku/365) / (1 + rUSD × siku/360)
F = 129.50 × 1.02219 / 1.01050 = 131.00
```

Zingatia mambo mawili hapo. Riba ya dola huhesabiwa kwa mwaka wa siku 360, ya shilingi kwa siku 365. Na riba zinazotangazwa ni za mwaka mzima, kwa hiyo lazima uzikate kwa idadi ya siku. Anayesahau kukata atapata 135.47 na kudhani benki inampa zawadi. Kosa lingine la kawaida ni kugeuza sehemu juu chini. Jipime hivi: sarafu yenye riba kubwa lazima iwe rahisi zaidi kwenye fowadi. Riba ya shilingi ikiwa juu ya ile ya dola, bei ya mbele ya dola lazima izidi ya leo. Ukipata 128, umegeuza.

Uhusiano huu huitwa usawa wa riba wenye kinga, na kinachoushikilia ni watu wenye pesa. Tuseme benki fulani ingekubali kununua dola za siku 90 kwa 135. Mwenye uwezo wa kukopa shilingi angefanya mzunguko uleule niliouelezea, akafikisha dola 50,000 kwa gharama ya 131 kila moja, akawauzia kwa 135. Faida yake ni takribani shilingi 200,000, na anaijua tangu siku ya kwanza. Wengi wangemfuata hadi pengo lifungike.

Kwamba fowadi haitabiri, Kenya yenyewe ilionyesha mwaka 2024. Mwezi Januari dola ilikuwa imepita shilingi 160, na kwa kuwa riba za shilingi zilikuwa juu sana kuliko za dola, hesabu hii iliweka bei za mbele juu zaidi ya hapo. Februari serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile iliyokuwa inaiva Juni, hofu kwamba ingeshindwa kulipa deni hilo ikashuka, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa chini ya 135. Waliofunga bei Januari walilipa zaidi ya majirani zao, ingawa hesabu ya fowadi ilikuwa sahihi kwa riba za siku ile.

Sasa turudi kwenye senti 60 zilizo kati ya 131.00 na 131.60. Kwa dola 50,000 ni shilingi 30,000. Kabla ya kusema umeibiwa, kumbuka kwamba riba ulizopewa ni za katikati ya soko, na benki haifanyi kazi katikati. Hukopa kwa riba ya juu kidogo na huweka kwa riba ya chini kidogo. Tukiweka asilimia 10 kwa shilingi na 3.5 kwa dola, fowadi inakuwa 131.54. Kwa dhana hiyo zimebaki senti 6 tu. Ndiyo maana siiti 131.60 bei ya wizi, ila ina nafasi ya kujadiliwa, hasa ukiwa na bei ya benki ya pili mkononi.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni kuigeuza hesabu. Ukichukua bei ya benki na riba ya dola ya 4.2, unauliza: riba gani ya shilingi ingeizalisha?

```
rKES = ((131.60 / 129.50) × 1.0105 − 1) × 365/90 = 10.9%
```

Yaani kwa kukufungia bei, benki imekukopesha shilingi kwa asilimia 10.9. Hapo unaweza kulinganisha kwa lugha unayoijua vizuri, ile ya mikopo.

Lakini wewe si benki. Ukinunua dola leo, akaunti yako ya dola huenda ikakupa pungufu ya 4.2. Tuseme ni asilimia 3. Utahitaji dola 49,628 sasa, ambazo ni shilingi 6,426,799. Ukichukua fowadi utalipa 6,580,000 siku ya 90. Tofauti ya hizo mbili ni sawa na riba ya takribani asilimia 9.7 kwa mwaka. Hilo ndilo jibu lako la vitendo: kama shilingi zako zimelala kwenye akaunti zikikupa chini ya 9.7 baada ya kodi, nunua dola leo uziweke. Kama ungelazimika kuingia kwenye ovadrafti ya asilimia 15 ili kuzinunua, chukua fowadi bila kusita.

Hesabu hii inadai pia kwamba 129.50 iwe bei ambayo kweli unaweza kununulia. Mwaka 2022 na 2023, dola zilipoadimika Kenya, bei iliyotangazwa na bei ambayo mwagizaji alitozwa zilikuwa tofauti, na aliyeanza na ile ya kutangazwa alipata fowadi isiyopatikana popote. Hata kwenye masoko makubwa usawa huu haujakaa sawasawa tangu msukosuko wa 2008. Kwa yeni na dola pengo hubaki, na hupanuka mwisho wa robo mwaka, benki zinapobana mizania yao kwa ajili ya ripoti. Mzunguko wenye faida upo, lakini unakula nafasi kwenye mizania, na nafasi hiyo ina bei.

Unapopiga simu tena, omba wakutajie vitu viwili mbalimbali: bei ya leo na nyongeza ya siku 90. Nyongeza uliyopewa ni shilingi 2.10, na kwa riba za katikati ilipaswa kuwa 1.50. Hapo utajua kama unajadili bei ya dola au bei ya mkopo. Uliza pia siku 90 zinahesabiwa kuanzia lini, kwa sababu bei ya leo kwa kawaida hukabidhiwa baada ya siku mbili za kazi, na hesabu huanzia siku hiyo ya makabidhiano.